Nakopa huku nilipe kule: nitatokaje?

"Assalaam alaykum. Mimi niko Wete, nakaanga samaki na kuuza jioni. Mtoto aliumwa nikakopa kwenye programu ya simu, kisha nikakopa nyengine kulipia ile ya mwanzo, na sasa nina madeni manne. Programu ya kwanza nadaiwa 180,000 baada ya siku sita, mkononi nilipata 135,000. Ya pili nadaiwa 120,000 baada ya siku tisa, nilipata 84,000. Ile huduma ya simu ya kukuongezea salio lisipotosha ni 45,000, na kila mteja akinitumia pesa inakatwa palepale. Mkopo wa laini wa mwezi mmoja ni 110,000, zimebakia wiki tatu. Nauza siku sita kwa wiki, faida ni kama 14,000 kwa siku, 8,000 inakwenda kwenye chakula. Nimo kwenye mchezo wa wanawake 12, tunatoa 10,000 kila wiki, zamu yangu bado miezi miwili. Kwenye kikundi cha hisa nimeweka 80,000, lakini naona haya kuomba mkopo. Mume wangu hajui. Nitafute mkopo mmoja mkubwa nilipe yote? Nibadilishe laini? Na wakinishitaki nitafungwa?"

Wa alaykum salaam dada yangu. Nianze na hilo la kufungwa, kwa sababu khofu hiyo ndiyo inayomfanya mtu akope tena saa tano za usiku. Kushindwa kulipa mkopo, peke yake, ni jambo la madai na si jinai. Anayekudai anaweza kwenda mahakamani kudai chake, lakini hawezi kumtuma askari aje kukuchukua kwa kuwa siku ya kulipa imepita. Ujumbe wa "polisi wako njiani" ni maneno ya wakusanya madeni, na huandikwa hivyo makusudi ili ulipe leo kwa kukopa kwengine. Jinai inaingia pale mtu anapodanganya, mfano akikopa kwa kitambulisho cha mwenziwe, na hilo silioni kwenye maelezo yako.

Lililo la kweli ni kwamba mkopeshaji mwenye leseni anaweza kupeleka taarifa zako kwenye kampuni za taarifa za mikopo, na benki ikaziona siku utakapokwenda kuomba. Hilo ni jambo la kuliangalia, ila si la kulikimbia kwa kukopa tena.

Kubadilisha laini hakutakusaidia. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho chako, kwa hiyo deni linakufuata wewe. Utakachopoteza ni wateja wanaoijua namba yako.

Sasa tuangalie namna deni hili lilivyokua, kwa sababu nahisi unajilaumu kwa matumizi mabaya, na mimi siyaoni. Watu wengi husema "nimelipa elfu arobaini na tano juu ya laki na themanini, basi ni robo." Hesabu hiyo inakosea pahala pamoja pakubwa. Hukupata laki na themanini, ulipata 135,000. Kwa hiyo ile 45,000 ni theluthi ya pesa uliyoitumia, na umeitumia kwa muda mfupi tu. Nachukulia muda wa programu yako ni wiki mbili, kama zilivyo nyingi za aina hii. Theluthi kwa wiki mbili. Benki Kuu imeweka kikomo kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, ambamo programu hizi zinaingia, kuwa riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Wengi hulikwepa hilo kwa kuita sehemu kubwa ya riba "ada ya huduma" au "ada ya uchakataji," wakaikata kabla pesa haijakufikia.

Kukatwa mbele huko ndiko kunakouendesha mzunguko. Chukua mtu aliyepata 75,000 mkononi kwa mkopo ulioandikwa 100,000. Siku ya kulipa ikifika hana, anakwenda programu nyengine yenye masharti yaleyale. Ili apate 100,000 mkononi, inambidi aandikiwe mkopo wa kiasi cha 133,000. Wiki mbili zikipita anahitaji 133,000 mkononi, anaandikiwa karibu 178,000. Kisha 237,000. Kisha 316,000. Hajanunua hata kibiriti kwa mikopo hiyo minne ya baadaye, yote imekwenda kulipa mwenziwe. Wiki kumi baada ya siku ile ya kwanza anatakiwa kulipa zaidi ya laki tatu kwa 75,000 aliyoitumia mara moja.

Na programu zinampandishia kikomo njiani ili mzunguko usikatike. Ule ujumbe wa "Hongera, kikomo chako kimeongezwa" haupimi uwezo wako wa kulipa. Unapima tu kwamba ulilipa kwa wakati, na mashine haijui wala haijali kama ulilipa kwa samaki au kwa mkopo wa jirani yake. Ujumbe huo huja mara nyingi mara tu baada ya kumaliza kulipa, mtaji ukiwa umepungua, na hapo ndipo wengi wanaporudi.

Kuna mtego mwengine karibu na huo, kitufe cha kuongeza muda. Unalipa ada, unapewa wiki mbili nyengine, na deni linabaki lilelile. Ukizizungusha programu zako mbili kwa kulipa ada tu, ni 45,000 na 36,000, yaani 81,000 kila wiki mbili. Kwa miezi mitatu ni karibu mara sita, 486,000. Na baada ya kuzitoa zote hizo bado wanakudai mkopo mzima. Iweke hesabu hiyo karibu, tutairudia.

Umeuliza kuhusu mkopo mmoja mkubwa. Jibu langu ni ndiyo kwa masharti, na si kutoka kwenye programu. Mkopo wa kukusanya madeni una maana ikiwa jumla ya utakachokirudisha ni kidogo kuliko unachokatwa sasa, muda wake ni wa miezi na si wa siku, na pesa yake inakwenda moja kwa moja kulipa madeni. Ukiingia mfukoni kwanza utapungua, huo nimeuona kwa wengi. Programu inayokutangazia mkopo wa "kulipa madeni yako yote" inakuuzia ile hesabu ya 133,000 kwa sura nyengine.

Usiende pia kuomba mkopo wa biashara wa ZEEA, wakala wa kuwawezesha wananchi kiuchumi Zanzibar, kisha ukaulipia programu. Mikopo ile ni ya mradi, inachukua muda kupitishwa, na ukiitumia kwengine utajiongezea tatizo la tano. Murabaha ya benki nayo haifai kwa hili, kwa namna ilivyo: benki inanunua bidhaa na kukuuzia wewe kwa bei ya kulipa kidogo kidogo. Inafaa ukitaka friza, haina pa kuingia ukitaka pesa taslimu ya kulipia deni.

Mkopo unaokufaa unao tayari pembeni yako, na ndio unaoonea haya. Vikundi vingi vya hisa vinamkopesha mwanachama hadi mara tatu ya alichoweka. Kwa 80,000 yako unaweza kuomba hadi 240,000. Mimi ningeomba 200,000 kwa miezi mitatu, nisifike ukingoni. Kama kikundi chenu hakitozi chochote juu ya mkopo, alhamdulillah. Kama kinatoza, tuseme, asilimia tano kwa mwezi juu ya mkopo mzima, utalipa 30,000 kwa miezi yote mitatu, na pesa hiyo inarudi kugawiwa nyinyi wenyewe mwisho wa mwaka. Ipime 30,000 hiyo na ile 486,000.

Njia ya pili ni mchezo. Usiuache mchezo wala usikope kwa jina la zamu yako. Mwombe aliye na zamu wiki hii mbadilishane, na mama mchezo awe shahidi. Wanawake hubadilishana zamu kila mara kwa harusi, kwa maziko na kwa skuli, na huhitaji kueleza zaidi ya "nina deni linanibana." Ukikubaliwa, 120,000 inakuja sasa badala ya baada ya miezi miwili. Utaendelea kutoa 10,000 zako kila wiki hadi mchezo uishe.

Tuzipange sasa. Katika 14,000 ukitoa chakula unabakiwa na 6,000 kwa siku, 36,000 kwa wiki. Ukitoa mchezo unabakiwa na 26,000. Hiyo ndiyo nguvu yako halisi ya kulipa, na ahadi yoyote utakayompa anayekudai isiipite.

Mchezo na kikundi vikitoka wiki hii una 320,000. La kwanza kulipa ni ile 45,000 ya huduma ya simu, ingawa ndilo deni dogo kuliko yote na wala hakuna anayekupigia kwa ajili yake. Sababu ni kwamba linajilipa lenyewe kutoka kila shilingi inayoingia. Mteja anakutumia 12,000 ya samaki, pesa inakatwa kabla hujaiona, asubuhi unafika diko huna cha kununulia, unakopa. Yaani deni hilo linakula mtaji na kukusukuma kwenye mengine. Likimalizika, siku hiyohiyo ingia kwenye menyu ya huduma na ujitoe, au mpigie huduma kwa wateja wakutoe. Mara nyingi hawakutoi ukiwa bado unadaiwa, ndiyo maana ni lazima ulimalize kwanza. Kabla ya siku hiyo, waombe wateja wakulipe taslimu. Hakuna ubaya wowote katika hilo.

Zimebakia 275,000. Programu ya kwanza inachukua 180,000, unabaki na 95,000. Siku ya tisa, ukiwa umeshaongeza 26,000 za wiki, una 121,000, na programu ya pili inadai 120,000. Inatosha kwa tundu la sindano, kwa hiyo wiki hiyo usiahidi harusi ya mtu.

Baada ya hapo kuna mkopo wa laini wa 110,000. Kwa wiki mbili zinazobakia utakuwa na 52,000. Lipa kidogo kidogo kila wiki bila kungoja siku ya mwisho, kama huduma hiyo inaruhusu, na nyingi zinaruhusu. Upungufu ni 58,000. Kiasi hicho kaka au mjomba anaweza kukupa karadha hasana, tena ni ombi jepesi kuliko lingekuwa la 455,000, kwa sababu unamwonyesha karatasi: haya yalikuwa manne, matatu yamekwisha, limebaki hili.

Kisha unadaiwa 58,000 ya kaka na 230,000 ya kikundi, jumla 288,000. Ya kikundi itangulie, kwa kuwa miezi yake mitatu imeshaanza. Kwa 26,000 kila wiki, wiki kumi na tatu zinakupa 338,000. Unabakia na nafasi ya 50,000, na hiyo si ya kununulia kitu. Ni ya siku za pepo kali ambazo madau hayatoki, ni ya mtoto akiumwa tena. Mpango usio na nafasi kama hiyo huvunjika wiki ya tatu, na mtu akifungua simu programu bado ipo.

Sharti moja linashikilia mpango wote: pesa ya kununulia samaki wa kesho haiguswi kulipia deni hata wakupigie mara ishirini. Deni linalipwa na faida, mchezo na kikundi. Ukilipa kwa mtaji, deni moja linakufa na biashara inakufa nalo, kisha unakopa ili ufufue biashara.

Je, kama mwenye zamu amekataa kubadilishana, au kikundi hakikopeshi mpaka mwezi ujao? Hapo kuna deni litakalochelewa, na ni bora ulichague wewe kuliko likuchague lenyewe. Bado ile 45,000 ni ya kwanza. Zinazofuata ni zenye leseni, kwa ajili ya ile kumbukumbu ya mikopo niliyoitaja. La mwisho ni la programu isiyo na leseni. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Tafuta jina la programu yako, na jina la kampuni iliyo nyuma yake, kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kutokuwa na leseni hakukufutii ile pesa uliyopokea mkononi, hilo hata dini yetu hailikubali. Lakini ada na adhabu zao unaweza kuzipinga, na usifanye hivyo peke yako, nitakwambia chini pa kwenda.

Anayechelewesha asinyamaze. Andika kabla ya siku ya kulipa, kwenye namba au barua pepe iliyomo ndani ya programu, maneno machache: "Nadaiwa 120,000, tarehe fulani. Sitaweza kulipa yote siku hiyo. Naweza kulipa 26,000 kila Jumamosi kuanzia wiki hii. Naomba adhabu isimame wakati nalipa. Naomba jibu kwa maandishi." Wengine watakataa, wengine watakubali, na wote watakuwa na maandishi yako. Uliza pia kama malipo ya sehemu yanapunguza deni au yanahesabiwa kuwa ni ada ya kuongeza muda. Usitume shilingi mpaka hilo lijibiwe. Na usilipe kamwe kwenye namba binafsi ya anayekupigia, hata akikupa punguzo. Pesa hiyo huwa haionekani kwenye hesabu ya deni lako.

Sasa mume wako. Mimi naona umwambie, na umwambie kabla ya Jumamosi. Programu nyingi zilipokuomba ruhusa ya kusoma majina ya simu ulibonyeza ndiyo, kama sote. Siku ukichelewa wanaweza kumpigia yeye, shemeji, hata mwalimu wa mtoto. Ni vitendo ambavyo mwongozo wa Benki Kuu unavikataza, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, ila sheria haizuii simu isilie. Kinachoua nguvu ya simu hiyo ni kwamba aliyepigiwa anajua tayari. Waambie pia wawili watatu ambao unajua watapigiwa: "nina deni nalilipa, mkipigiwa msilipe na msibishane."

Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, uzime ruhusa ya majina, picha na ujumbe. Walichokwisha kukinakili hakirudi, lakini kipya hawatakipata. Piga picha za skrini za mkataba, kiasi ulichopokea, tarehe na kila malipo, kwa sababu ukiifuta programu kabla ya hapo unafuta ushahidi wako na deni linabaki. Ifute siku deni lake limekwisha, muda uleule, kabla ule ujumbe wa hongera haujaingia.

Kuna hali ambazo mpango wangu hautoshi. Ukipiga hesabu na kuona madeni yanazidi kile unachoweza kulipa kwa miezi sita, au ikiwa mchezo na kikundi vyote vimekataa, nenda kwa Sheha wako na uulize namna ya kuomba zaka kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wenye madeni wametajwa katika Qur-ani miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Si aibu kuomba haki iliyotajwa kwa jina.

Wakianza kutangaza picha yako, kukutukana au kuwatishia watu wako, usijibizane nao. Hifadhi kila ujumbe, na kwa simu waliyokupigia andika saa na namba. Nenda kituo cha polisi kwa hilo la matusi na vitisho, maana hapo wao ndio walioingia kwenye jinai. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake, na wapo wasaidizi wa sheria wilayani kwako, wataandika nawe barua ya malalamiko kwa Benki Kuu na kuangalia ada zipi zinapingika. Chukua picha zako za skrini zikiwa zimechapishwa na kitambulisho chako. Chukua pia karatasi moja yenye safu nne: nilipokea kiasi gani, wanadai kiasi gani, nimelipa kiasi gani, lini. Ukiweza kumpata mume wako aende nawe, mwende pamoja. Na kama mawazo haya yamefika pahala hulali wala huli, au unajiona bora usingekuwepo, usingoje karatasi wala Jumamosi: mwambie mtu aliye karibu nawe leo, na akupeleke hospitali ya wilaya.